Barua ya Kukuza Herufi za Simu ya Baba

Baba yangu ndiye anayetangaza misiba msikitini kwao, upande wa Kisarawe. Kazi hiyo haina mshahara wala cheo, ila aliianza kabla sijazaliwa. Mtu akifariki, familia huleta habari: marehemu ni nani, mtoto wa nani, anazikwa wapi na saa ngapi. Baba husimama mbele ya kipaza sauti akatangaza, na watu huacha majembe na sufuria, wakaenda kuzika. Zamani habari hizo zilikuja kwenye vipande vya karatasi, zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka, na baba alizisoma zote. Siku hizi zinakuja kwenye simu.

Simu nilimnunulia mimi. Ni ya kupangusa, kioo kipana, na niliiweka kwa Kiswahili tangu dukani. Nilidhani kioo kipana maana yake ni maandishi makubwa. Sivyo. Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha, na baba ana miaka sabini na kitu. Hospitali walimpa miwani, wakamwambia jicho la kushoto litahitaji upasuaji, na kwamba jina lake liko kwenye foleni. Jicho la kulia ndilo linalobeba kazi yote.

Kwa muda mrefu hakusema. Ujumbe ukiingia alimpa mtu wa karibu amsomee, akasema miwani ameiacha nyumbani. Mara nyingine miwani ilikuwa mfukoni mwa kanzu na mguu wa miwani hiyo unaonekana. Halafu ikaja siku hakukuwa na mtu wa karibu. Alisoma mwenyewe, akatangaza kwamba maziko ni saa tisa, na ujumbe ulisema saa nane. Watu walifika makaburini wakakuta kaburi limeshafukiwa. Kati yao alikuwamo shemeji wa marehemu, aliyetoka shamba mbali, na hakupata hata kutia mchanga wake.

Hakuna aliyemtukana baba. Shemeji mwenyewe alimpa mkono. Lakini wazee wa msikiti walisema kwa upole kwamba labda wakati umefika kipaza sauti apewe mtu mwenye macho mapya, na kwamba wangelizungumza baada ya swala ya Ijumaa. Habari hizi sikuzipata kwa baba. Nilizipata kwa jirani yake, mama anayeleta mihogo huku Kibaha, sokoni Kwa Mathias, ambaye hushusha magunia yake karibu na meza yangu ya nyanya.

"Baba yako haongei," aliniambia huku akipanga mihogo. "Anakaa tu pale kibarazani na ile simu, anaisogeza, anairudisha. Kama mtu anayepima kitambaa."

Nilimpigia jioni ile ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, nasikia maandishi ya simu yanakusumbua."

"Nani kasema?"

"Mihogo imesema."

Alicheka kidogo, nikajua mlango umefunguka. Nikamwambia nitamwelekeza palepale kwenye simu, jambo lenyewe dogo. Nikamwambia atazame kioo, apandishe kidole kutoka chini. Nikasikia sauti yake ikitokea mbali, kama mtu aliyeingia kisimani: "Sasa mbona husemi?"

"Nasema baba. Umeitoa sikioni."

"Umeniambia niitazame."

"Ndiyo, itazame."

"Nikiitazama sikusikii. Nikikusikia siitazami. Amua moja."

Nikamwambia aweke spika. Spika anaijua, kwa sababu mama wa mihogo huiweka akiongea na wateja. Akakataa. "Kibaraza changu hakina ukuta," alisema. "Unataka mtaa mzima usikie mzee anaelekezwa na binti yake mahali pa kuweka kidole?"

Basi nikasema nitakuja mwenyewe kesho, niikuze kama nilivyoikuza mara ya kwanza. Maana niliwahi kuikuza. Nilipokwenda kwake baada ya Idi niliichukua mikononi mwangu, nikabonyeza hapa na pale, nikamrudishia kabla chai haijapoa. Akasoma jina langu kwenye kioo, akafurahi. Lakini baadaye simu ilijaa, akaipeleka kwa fundi, fundi akaifuta yote ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, na herufi zikarudi kuwa mbegu za mchicha.

"Usije," baba akasema.

"Kwa nini?"

"Ukija utafanya wewe. Kisha itarudi tena, nami nitakaa tena. Nataka nijue mwenyewe. Mtu anayetangaza asisubiri gari kutoka Kibaha."

Hapo nilielewa anachokitaka. Kukuziwa herufi hakukumtosha. Ijumaa ilikuwa inakuja, na alitaka kusimama mbele ya wazee akiwa na kitu anachoweza kukifanya yeye. Nikasema nitamwandikia.

Mimi si mtu wa kuandika barua. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimekaa miji mingi na kazi nyingi: nimeuza mitumba Morogoro, nimekuwa mama lishe kwenye ujenzi wa barabara, nimefuga kuku wakafa wote kwa wiki moja, nimenunua mahindi Gwata nikayauza mabichi na ya kuchoma. Sasa nina chumba Tangini, hapo hapo Kibaha, na meza ya nyanya. Ila nina ugonjwa mmoja, nikikutana na kitu lazima nijue kimefungwaje. Nilikwenda kwa fundi simu aliye jirani na meza yangu, dada mpole anayefanya kazi na taa kichwani, nikamuuliza kama ana simu kama ya baba.

"Ninayo, imeletwa kubadilishwa kioo. Mwenyewe hajaja kuichukua."

"Niazime niitazame."

"Uiibe?"

"Nikiiiba utanikuta kwenye nyanya."

Akanipa, akaiweka Kiswahili. Nikakaa kwenye kigoda chake nikaikuza na kuipunguza, nikaikuza na kuipunguza, huku nikiandika kila ninachokiona. Kwenye simu yangu mwenyewe majina ya vitu yalikuwa tofauti kidogo, na mpangilio pia, kwa hiyo ningeandika kwa kukariri ningempoteza mzee. Fundi akanionyesha na jambo ambalo sikulijua: wasap ina ukubwa wake wa herufi, mbali na ule wa simu yenyewe. Nikarudi nyumbani, nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikageuza karatasi upande mweupe, nikaandika kwa markapeni nyeusi, herufi kubwa kama za bango la kuuza kiwanja. Hatua ya kwanza, fanya hivi. Hatua ya pili, fanya vile. Nikaikunja, nikampa mama wa mihogo.

Alirudi baada ya siku mbili, akashusha gunia, akafuta jasho.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Amesemaje?"

"Ameitazama mbele na nyuma. Amesema, 'Maelekezo ya dawa nimeyapata, ahsante. Barua yake itakuja lini?'"

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakucheka, na mimi nikaacha. Baba alizoea barua. Wakati mdogo wake anafanya kazi mbali, barua zilikuja, na baba alizisoma kwa sauti uani, sisi tumekaa. Barua ilianza kwa salamu, ikauliza afya ya kila mtu, ikaeleza hali ya mvua, na baada ya hapo ndipo ilipofika kwenye jambo. Karatasi isiyo na shikamoo, kwake, ni karatasi iliyofungiwa bidhaa. Hata ingekuwa na dhahabu ndani asingeifuata, kwa sababu haikuandikiwa yeye. Ilikuwa imeandikiwa mtu yeyote mwenye simu ya aina ile.

Nikakaa tena. Safari hii nilimaliza kalenda kuanzia Aprili hadi Agosti. Niliinakili kwanza kwenye daftari la nyanya, ndiyo maana ninaweza kuiweka hapa kama ilivyokuwa.

*

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu hauumi kama wakati wa baridi. Mimi huku Tangini ni mzima, nakula, nalala. Nyanya zinatoka, ila mvua ikinyesha zinapasuka kabla hazijanunuliwa. Huko kwenu nasikia mikorosho imeanza kutoa maua. Jirani yako aliniletea mihogo mitatu akasema imetoka kwako. Niliichemsha na nazi, ahsante.

Baba, nakuandikia habari ya maandishi ya simu yako. Nimeomba simu kama yako kwa fundi nikaikalia mchana mzima, ili kila nitakachokuambia kiwe ni kile utakachokiona. Usifanye kwa haraka. Ukichoka, iache, itakungoja.

Kaa kibarazani asubuhi, jua likiwa nyuma yako, lisipige kwenye kioo. Nawa mikono uikaushe vizuri. Kidole chenye maji au mafuta hakisikiki kwenye kile kioo. Vidole vyako ni vigumu kwa jembe, nami najua, basi tumia ubavu wa kidole ulio laini, si ncha ya ukucha. Gusa na uachie, kama unavyogusa chungu kujua kama kimepoa. Ukishikilia sana, simu inadhani unataka jambo jingine.

Fungua simu kama kawaida. Weka kidole chini kabisa ya kioo ukipandishe juu, kama unavyovuta shuka. Zitatokea picha nyingi ndogo. Kati yake iko moja yenye umbo la gurudumu lenye meno, kama lile la mashine ya kusaga. Chini yake pameandikwa Mipangilio. Iguse.

Sasa utaona maneno yamepangwa kwenda chini. Sukuma kidole juu taratibu, maneno yatapanda, hadi ulione neno Onyesho. Ukilipita, rudisha chini, halikimbii. Liguse. Ndani yake tafuta mstari unaoanza na neno Ukubwa, unaotaja maandishi na vipengee. Uguse huo.

Hapa ndipo penyewe, baba. Juu utaona maandishi ya mfano. Hayo hayana maana, yamewekwa ili uone yanavyokua. Chini yake kuna mistari miwili, na kila mstari una alama ya kutoa kushoto na alama ya kujumlisha kulia, zile zile za hesabu. Mstari wa kwanza ni wa maandishi. Mstari wa pili ni wa vipengee, yaani picha na vitu vyote vilivyomo.

Anza na wa kwanza. Gusa alama ya kujumlisha mara moja, kisha usifanye kitu. Tazama yale maandishi ya juu. Yamekua? Weka simu mapajani, usiisogeze usoni. Kama huwezi kuyasoma yakiwa mapajani, gusa tena mara moja, utazame tena. Ukiyasoma bila kukunja uso, simama hapo. Hakuna zawadi ya kufika mwisho. Yakiwa makubwa kupita kiasi, neno moja litakatika katikati na ujumbe mfupi utakuwa mrefu kama barabara.

Kisha mstari wa pili. Huo gusa mara moja tu. Kioo kinaweza kupepesa kidogo, kama mtu aliyefumba jicho. Usishtuke, kinajipanga. Ukiona inatosha, iache.

Hukuharibu kitu, na huwezi kuharibu. Ukipotea mahali popote, gusa alama ya duara iliyo katikati chini ya kioo. Itakurudisha mwanzo, kama mtu aliyerudi nyumbani kuanza safari upya. Nimefanya hivyo mara nyingi kwa fundi, na simu ya watu iko salama.

Picha zikikua, baba, hazienei zote mahali pamoja. Baadhi zitahamia ukurasa wa pembeni. Usiseme zimepotea. Weka kidole upande wa kulia wa kioo, ukivute kuelekea kushoto, utazikuta zimekaa.

Halafu imebaki wasap, maana humo ndimo habari za misiba zinamoingia, nayo ina ukubwa wake peke yake. Ifungue. Juu kulia kuna nukta tatu zimesimama. Ziguse, kisha uguse Mipangilio iliyo humo ndani, kisha Gumzo, kisha mahali palipotajwa saizi ya fonti. Fonti ni herufi. Utapewa Ndogo, Wastani na Kubwa. Chagua Kubwa. Rudi, fungua ujumbe wowote, uusome.

Najua ulitaka kulifanya mwenyewe, ndiyo maana sikuja. Kila ulichosoma hapa ukikifanya mara mbili au tatu hutaihitaji barua. Siku fundi akiifuta tena utaikuza wakati maji ya chai yanachemka.

Wasalimie wote wanaonijua. Jirani mwambie gunia la juzi lilikuwa na mihogo michungu miwili, lakini nimemsamehe.

Ni mimi binti yako.

*

Barua ilikwenda Jumatatu. Jumatano sikusikia kitu. Mama wa mihogo hakuja siku hiyo, na nilijikuta nikitazama kila gari linalosimama, huku wateja wakinichagulia nyanya mbovu waniambie ni zangu. Alhamisi mchana simu yangu ikalia. Namba ilikuwa ya mama wa mihogo, sauti ilikuwa ya baba.

"Mwanangu, nimesoma barua yako. Nzuri sana."

"Na simu, baba?"

"Simu nimeikuza. Jina lako limekuwa kubwa kama la gazeti. Lakini wasap imeondoka."

"Imeondoka kwenda wapi?"

"Kama ningejua ningekupigia? Ilikuwa hapa mbele. Nimekuza ule mstari wa pili, kioo kikapepesa, nikaona picha zimenenepa, na wasap haimo. Nimeiangusha."

"Baba, nilikuandikia. Picha zinahamia pembeni."

"Hukuandika."

"Niliandika."

"Mwanangu, barua iko mikononi mwangu. Imeishia kwa mtu aliyerudi nyumbani kuanza safari upya. Nikasema, amemaliza vizuri."

Nilishika kichwa. Zile karatasi za kalenda nilizigeuza kutumia upande mweupe, lakini ya mwisho niliiandika pande zote mbili, juu ya tarehe zenyewe. Na barua za zamani, upande wa kwanza ukiisha, mwandishi huweka chini "tafadhali geuza." Mimi sikuweka. Baba aliona tarehe za Agosti zikichungulia nyuma akaheshimu kalenda ya watu.

"Baba, igeuze karatasi ya mwisho."

Nikasikia karatasi ikigeuka, kisha sauti ya mama wa mihogo: "Si nilikwambia kuna wino nyuma?"

"Ulisema kuna uchafu."

"Nilisema wino."

Baba alikuwa anasoma, kwa sauti ya chini, kama anavyosoma barua zote. Alisoma pale pa kuvuta kidole kutoka kulia kwenda kushoto. Sasa alikuwa na simu ya jirani sikioni na yake mkononi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza aliweza kutazama na kusikia kwa pamoja, na sisi sote watatu hatukuwa tumelifikiria hilo tangu mwanzo. Nilikuwa na mteja mbele yangu, nikampa ishara achague, asilipe, asiondoke.

"Ipo," baba akasema. "Imekaa pembeni kama mgeni."

"Ifungue."

"Ngoja. Ninasoma." Kisha: "Nukta tatu nimeziona. Mipangilio. Gumzo." Akasimama mahali. "Hapa pana maneno mengi."

"Tafuta fonti."

"Usiniambie. Ipo kwenye barua."

Nikafunga mdomo. Ulikuwa mdomo mgumu kufunga. Nilijua kidole kinatakiwa kwenda wapi, na kila sekunde nilitaka kukisukuma kutoka Kibaha.

"Kubwa," akasema mwishowe. "Nimeigusa Kubwa." Nilipouliza kama yupo, alisema yupo, anasoma ujumbe wa rafiki yake uliokaa humo tangu Ramadhani, uliomuuliza kama mguu umepona. Hakuwahi kuujibu kwa sababu hakuwahi kujua umeulizwa nini. "Huyu bwana atadhani nimemnunia," alisema.

Usiku ule sikumpigia tena. Mama wa mihogo alinieleza baadaye kwamba baba alikaa kibarazani hadi giza likaingia, akiipunguza simu hadi mwisho na kuikuza tena, kuipunguza na kuikuza, barua ikiwa imekunjwa chini ya goti.

Ijumaa asubuhi mtu alifariki kwenye kitongoji cha jirani. Sikuombea iwe hivyo, na hata sasa nikiandika naona haya kwamba nilipoambiwa, kabla ya kusema innalillahi, nilifikiria ujumbe utakaoingia kwenye simu ya baba. Mama wa mihogo huwa hasafiri Ijumaa. Nilimwomba akae upande wa wanawake na simu yake iwe wazi, aniache nisikie. Hakuuliza kwa nini. Aliiweka kwenye mtandio wake, na nikawa nasikia pumzi yake, kikohozi cha mtu, na swala ikiisha.

Kisha kipaza sauti kikakwaruza.

"Ndugu Waislamu, assalamu alaikum." Ni baba. "Kuna tangazo la msiba."

Alitaja jina la marehemu. Akasimama. Nilidhani amepotea. Kisha akataja baba wa marehemu na babu yake. Akasimama tena. Hapo nikaelewa. Herufi zilikuwa kubwa, kioo kilibeba maneno machache, na kila yanapoisha alikuwa anapandisha kidole. Alisoma kwa vipande, na katikati ya kila kipande palikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi. Alipofika kwenye saa alisimama kuliko kote.

"Maziko ni saa kumi jioni," akasema. "Narudia. Saa kumi jioni, baada ya swala ya alasiri, kwenye makaburi ya kitongojini kwao."

Wanawake waliokaa na jirani walianza kunong'ona. Mmoja alisema mzee leo ametangaza kwa uzito, kila jina amelipa haki yake. Mama wa mihogo alisogeza mdomo kwenye mtandio. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na saa yenyewe ndiyo. Nimeuliza familia kabla ya kuja, nisije nikakupa furaha ya uongo."

Kikao cha wazee kilifanyika pale pale, wakiwa wamesimama viatu mkononi. Baba alinipigia baadaye kwa simu yake mwenyewe.

"Wamesemaje, baba?"

"Wameniuliza kama macho yamepona. Nikawaambia macho ni yale yale, ila simu nimeikuza. Nikawaonyesha. Basi yule aliyetakiwa kuchukua kipaza sauti akasema, 'Mzee, na mimi nikuzie.' Kumbe naye haoni, ana miaka arobaini na tano, anaona aibu kuvaa miwani." Akacheka kwa muda mrefu, kicheko cha kifuani ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama afariki. "Nimemkuzia. Imepepesa, akashtuka, nikamwambia usishtuke, inajipanga."

"Na kipaza sauti?"

"Kipaza sauti kiko wapi tena? Kiko kwangu. Ila kuna jambo moja nimelirekebisha. Herufi nilizichukua kubwa mno. Pale mbele nilihisi mtu nyuma yangu naye anasoma, na mengine yalikuwa ya familia, hayakuwa ya kutangazwa. Nimetoa moja."

"Umetoa mwenyewe?"

"Kuna alama ya kutoa, si uliandika? Haya mwanangu, niache. Jeneza linatoka, na mimi ndiye niliyewaambia watu saa kumi. Siwezi kuchelewa."

Akakata. Nyuma yangu mteja alikuwa amesimama na kilo mbili za nyanya mkononi, akiniuliza kama nauza au nimefunga.